Toleo la Zamani Likirudi, Linakuta Nini?

Mjadala uliowaka katika kurasa za barua za nambari iliyopita umenikera kuliko nilivyotarajia. Upande mmoja unasema: toleo jipya likianza kuumiza watu, rudisha la jana, maswali baadaye. Upande wa pili unaona kurudisha matoleo ni mambo ya kizamani. Kila kipya kiwekwe nyuma ya swichi, kikisumbua kizimwe, seva zisiguswe. Wamerushiana maneno kurasa nne nzima, na hakuna aliyeuliza swali ninaloliona ndilo lenyewe: toleo la zamani likirudi kazini, linakuta nini? Halirudi kwenye jana. Linarudi kwenye data, foleni na ujumbe ambao toleo jipya limekwisha kuuandika.

Wasomaji wetu wengi wanaijua habari ya Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyopoteza zaidi ya dola milioni 460 kwa dakika 45 asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012. Husimuliwa kama kisa cha fundi aliyesahau seva moja. Kweli, alisahau. Kampuni ilikuwa na seva 8 zinazoendesha mfumo wa kupeleka maagizo ya hisa sokoni, uitwao SMARS, na msimbo mpya ukafika kwenye 7. Hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua. Lakini kusahau seva moja kati ya 8 ni sawa na kuachia toleo kwa awamu bila kukusudia, na wengi wetu hukaa na matoleo mawili sambamba kila wiki bila kufilisika. Kilichowaangamiza ni mambo mengine mawili.

La kwanza ni alama iliyotumika mara mbili. Msimbo mpya ulihitaji alama kwenye kila agizo, ya kusema kwamba agizo hili linaingia katika mpango mpya wa Soko la Hisa la New York. Badala ya kutengeneza alama mpya, walichukua ile iliyowahi kuwasha kazi ya zamani iitwayo Power Peg. Power Peg ilikuwa imeacha kutumika tangu 2003, ila msimbo wake haukuwahi kufutwa. Mwaka 2005 sehemu inayohesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, ili mfumo ujue agizo limetimia, ilihamishwa mahali pengine, na hakuna aliyejaribu kama Power Peg bado ingeweza kusimama yenyewe. Kwa hiyo ile seva ya 8 ilipopokea agizo lenye alama, iliamka na kazi ya miaka tisa nyuma na kuanza kutuma maagizo madogo madogo bila kikomo. Maagizo makubwa 212 ya wateja yakazaa miamala zaidi ya milioni 4.

La pili ndilo ninalotaka walitafakari wale wa "rudisha la jana". Katikati ya moto, timu ilifanya kile ambacho nusu nzima ya barua zetu inakisifu: ikaondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa nzima, zikarudi kwenye toleo la awali. Toleo la awali lilikuwa na Power Peg. Maagizo yanayoingia yalikuwa bado yamebeba alama. Ugonjwa uliokuwa kwenye seva moja ukahamia kwenye zote 8.

Angalia mpangilio. Kama wangeanza kwa kuzuia alama kule maagizo yanakotoka, Power Peg isingepata cha kuiamsha, hata kwenye seva iliyosahaulika. Baada ya hapo msimbo ungeweza kurudishwa polepole. Walianza na hatua ya mwisho. Siwalaumu sana, kwa sababu mwongozo wa kurudi hawakuwa nao, na mtu anayebuni utaratibu huku pesa inamwagika huchagua kitendo kilicho karibu na mkono. Barua pepe 97 za mfumo zenye kutaja Power Peg zilikuwa zimetumwa kwa wafanyakazi kuanzia saa 2:01 asubuhi, saa moja na nusu kabla soko halijafunguliwa. Hazikuundwa kuwa kengele, na hakuna aliyezichukulia hivyo.

Wale wa swichi wasishangilie. Chukua huduma ya malipo ya kawaida. Toleo jipya linaongeza hali ya muamala `ON_HOLD`, kwa malipo yanayosubiri kukaguliwa. Mmeiweka nyuma ya swichi, mmewasha kwa asilimia 10 ya watumiaji, na baada ya saa tatu malalamiko yanaanza. Mnazima swichi. Hakuna muamala mpya unaopata `ON_HOLD`. Vizuri, lakini ile iliyokwisha kuandikwa kwa saa tatu ipo kwenye hifadhidata. Kisha meneja mwenye wasiwasi anaagiza msimbo nao urudishwe. Toleo la jana halijawahi kuliona neno hilo, na lina mstari wa mwisho unaosema: hali yoyote usiyoijua, ihesabu kuwa imeshindikana, mrudishie mteja pesa. Sasa kila malipo yaliyokuwa yanasubiri tu yanarudishwa, na mengine kati yake bidhaa zimekwisha kutoka dukani. Swichi ilifanya kazi yake kikamilifu na bado mmepoteza pesa.

Tiba inajulikana, inachosha, na ndiyo maana inarukwa. Mnaachia matoleo mawili. La kwanza linajua kuisoma `ON_HOLD` lakini haliiandiki popote. Linafika kwenye seva zote, linakaa siku kadhaa. Ndipo swichi ya kuandika inawashwa, asilimia kwa asilimia. Mkilazimika kurudi, mnatua kwenye toleo linaloelewa kilichoandikwa. Makala ya hifadhidata katika nambari hii inaeleza namna hiyohiyo kwa safu za jedwali: ongeza safu mpya, andika kote kuwili, hamisha usomaji, na ya zamani uifute baadaye sana. Mwandishi wake ameniambia kwamba kwenye timu yake safu ya zamani hukaa angalau mwezi. Mimi ningeiacha zaidi, maana kufuta ndiyo hatua pekee katika mlolongo huo isiyo na njia ya kurudi.

Sasa asilimia. Makala mbili za nambari hii zinapendekeza kuanza na asilimia 1 kwa saa moja, kisha 10, kisha 50. Hesabu inazikatalia, na nimeomba ruhusa ya kuifanya hapa. Tuseme huduma inapitisha malipo 10,000 kwa saa, na katika hali ya kawaida 5 kati ya kila 1,000 hushindikana. Toleo jipya ni baya: linashindwa mara 20 katika 1,000, yaani mara nne zaidi. Kwenye grafu ya jumla, kiwango cha kushindwa kinapanda kutoka asilimia 0.5 hadi 0.515. Hakuna binadamu atakayeliona hilo, na kengele nayo italala. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kulinganisha kundi la asilimia 1 na kundi jingine la ukubwa uleule lililobaki kwenye toleo la zamani, kwa saa zilezile.

Hata hivyo saa moja haitoshi. Asilimia 1 ni malipo 100. Toleo zuri lingeshindwa mara 0.5, baya mara 2. Ukiona mawili, huwezi kuapa kwamba si bahati mbaya. Kwa toleo zuri kabisa, mawili au zaidi hutokea takribani mara moja katika kila saa kumi na moja. Ukisubiri saa sita unalinganisha 3 na 12, na hapo mtu anaweza kukata shauri. Kwa hiyo muda wa kukaa kwenye awamu utokane na idadi ya matukio unayohitaji ili kutofautisha, na huduma yenye watu wachache inahitaji ama muda mrefu zaidi ama asilimia kubwa zaidi. Ratiba iliyonakiliwa kutoka kampuni yenye watumiaji bilioni moja ni pambo tu.

Kuna pia kisa kinachonifanya nisiiamini awamu peke yake. Tarehe 29 Mei 2025 Google iliongeza msimbo mpya kwenye Service Control, mfumo unaokagua ruhusa na viwango vya matumizi kwa huduma zake za wingu. Uliachiwa eneo baada ya eneo, kama vitabu vinavyosema, na hakuna kilichoharibika, kwa sababu njia yenye kasoro haikupitiwa na ombi lolote. Ilihitaji sera ya aina fulani ili ifunguke. Tarehe 12 Juni sera hiyo ikaingizwa ikiwa na sehemu tupu, ikanakiliwa duniani kote kwa sekunde, na mfumo ukaanguka kila mahali kwa pamoja. Msimbo ulikwenda kwa awamu. Data iliyouamsha haikwenda kwa awamu. Google yenyewe ilikiri kwamba mabadiliko yale hayakuwa nyuma ya swichi. Kilichowaokoa ni kitufe cha dharura cha kuzima njia ile, kilichokuwa kimejengwa pamoja na msimbo. Hata hapo, kwenye eneo lao moja kubwa la Marekani, urejeshaji ulichukua zaidi ya saa mbili, kwa kuwa kazi zote ziliwaka upya kwa mkupuo na kuilemea hifadhidata zinayoitegemea. Anayepanga kurudi apange na kasi ya kurudi.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Makala ya programu za simu inakumbusha kwamba kusitisha awamu kwenye Google Play hakumnyang'anyi mtu toleo alilokwisha kulipakua. Unapaswa kutuma jingine lenye namba ya juu zaidi, hata kama ndani yake ni msimbo wa zamani. Mahojiano na fundi wa zamu ya usiku yanafurahisha, ingawa anazisifu mno grafu zake. Na ukurasa wa vidokezo una mstari mmoja ambao ningeupa kurasa mbili:

```
bucket = hash(flag_name + user_id) % 100
```

Jina la swichi likikosekana humo, kundi la kwanza linakuwa watu walewale kwa kila jaribio. Mteja mmoja mwenye bahati mbaya anaonja kila kasoro mnayoachia mwaka mzima, wenzake 99 hawajui kitu, na ripoti yenu inasema madhara yalikuwa madogo.

Kwa nambari ijayo tunapokea makala hadi mwisho wa mwezi. Atakayetuandikia kuhusu toleo lililoharibika aambatanishe utaratibu wa kurudi kama ulivyokuwa umeandikwa kabla ya siku hiyo: nini kilizimwa kwanza, toleo la zamani lilikuta data gani, na mara ya mwisho utaratibu huo ulijaribiwa lini. Kama haukuwapo, aseme haukuwapo. Makala isiyo na ukurasa huo nitairudisha kwa mwandishi, na kurudi huko nimekwisha kukujaribu.