Jirani Usiyemwona Ndani ya Seva

Mfumo ukizubaa kwenye seva ya kukodi, madai yaleyale hurudi, na kwa sababu yake watu wazuri hupoteza siku nyingi wakisaka kosa ndani ya programu isiyo na kosa. Nayajibu hapa. La kwanza nitalikalia zaidi, maana mengine yamesimama juu yake.

"Nimelipia prosesa mbili, basi prosesa mbili ni zangu."

Katika mipango mingi ya bei nafuu, ulichonunua ni prosesa pepe mbili, yaani haki ya kupewa zamu. Chini ya mashine yako pepe kuna seva halisi inayosimamiwa na haipavaiza, programu inayozigawia mashine pepe nyingi prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Chukua KVM, iliyoingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2007. Kwa KVM, kila prosesa pepe ni uzi mmoja tu wa kazi machoni pa kerneli ya seva halisi, nao hupangwa foleni pamoja na nyuzi nyingine zote.

Tuseme seva ina viini 16, na kila kiini huendesha nyuzi mbili kwa pamoja: nafasi 32. Mwenye seva akiweka humo mashine pepe 24, kila moja na prosesa pepe nne, ameuza 96 juu ya nafasi 32. Huo si ulaghai. Mashine nyingi hukaa bila kazi muda mrefu, na bei ndogo unayolipa imetoka kwenye hesabu hiyo. Hesabu huvunjika wapangaji wengi wanapoamka pamoja, kwa mfano saa sita usiku, kila mmoja anapoanza kuchukua nakala rudufu.

"Programu yangu inatumia prosesa chini ya nusu, kwa hiyo lawama ni ya hifadhidata."

Soma mstari wote wa `top`, hasa tarakimu ya mwisho:

```
%Cpu(s): 38.0 us, 6.0 sy, 0.0 ni, 22.0 id, 3.0 wa, 0.0 hi, 1.0 si, 30.0 st
```

Hiyo `st` ni muda ambao mashine yako ilikuwa na kazi mkononi, iko tayari, lakini haipavaiza ikampa mwingine zamu. Jumlisha `us`, `sy` na `si`: mashine ilifanya kazi asilimia 45 ya muda, nayo ilitaka 75. Kwa hali hiyo, kazi inayohitaji sekunde 45 za prosesa itakwisha baada ya sekunde 75, bila mstari mmoja wa programu kubadilika.

Tahadhari moja, tena ni muhimu: `st` kubwa si lazima iwe kosa la jirani. Baadhi ya mipango hukupa kasi kamili kwa muda tu, kisha hukubana hadi kiwango chako cha msingi. Kubanwa huko nako huonekana kama `st`. Angalia masharti ya mpango wako kabla ya kuandika malalamiko.

"`st` ni sifuri, basi hakuna anayenisumbua."

Dai hili ndilo linalopotosha hata mafundi wazoefu. Zamu unaweza kuipata yote na bado ukacheleweshwa. Viini vya prosesa moja mara nyingi hushirikiana kache kubwa ya ngazi ya tatu. Jirani akipitia data nyingi mfululizo, data yako inasukumwa nje, na prosesa yako inalazimika kuifuata kwenye kumbukumbu kuu, safari iliyo ndefu mara kadhaa. Muda huo wa kusubiri huandikwa kama `us`, kana kwamba programu yako inachapa kazi. Dalili yake ni `us` kupanda wakati idadi ya maombi haijapanda.

Kwenye diski, endesha `iostat -x 1`. Ikiwa `r/s` na `w/s` zako ziko palepale ila `r_await` na `w_await` zimeruka, na diski si ya kwako peke yako, foleni yaelekea imejazwa na mwingine.

"Nitaongeza prosesa pepe, itapona."

Juu ya seva ileile iliyojaa, umeongeza tu nyuzi zinazosubiri foleni. Zaidi ya hapo, nyuzi za programu yako hushikiana kufuli. Prosesa pepe iliyoshika kufuli ndani ya kerneli yako ikinyang'anywa zamu, zile nyingine huizunguka zikisubiri, zikichoma muda wao bure.

Linalofaa zaidi ni kuhama seva. Kwa watoa huduma wengi, kuiwasha upya mashine kutoka ndani hukuacha palepale. Kuizima kabisa kisha kuiwasha kwenye paneli ya udhibiti ndiko kunakoweza kukupeleka kwenye seva nyingine. Hakikisha kwanza kwamba data yako haiko kwenye diski ya muda inayofutwa mashine ikizimwa, na kwamba anwani yako ya IP haitabadilika. Pima kazi ileile kabla na baada, saa ileile ya siku. Ikiwa `st` inarudi kila unakopelekwa, nunua mpango wenye viini vilivyotengwa kwa ajili yako, ukijua kwamba kache na njia ya kwenda kwenye kumbukumbu bado mnaweza kuvichangia.