Depo iliyojaa haituhakikishii malipo



Kila msimu tunasikia maneno yaleyale: mnunuzi anabeba kahawa leo, makuta atatuma nyuma ya siku 30. Anatuonyesha depo yake pale Bunia, magunia yamefika juu kabisa, na sisi tunasema huyu ni mtu wa mali. Mimi naona depo iliyojaa haitoshi. Kabla kooperativi ya Aveba haijatoa gunia hata moja kwa deni, kamati iombe karatasi mbili za kampuni: ile ya mali na madeni, ambayo wengi wanaiita bilani, na ile ya faida na hasara ya mwaka. Kisha ifanye hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni hii. Chukua mali yote inayoweza kugeuka makuta ndani ya mwaka mmoja, uigawe kwa madeni yote ya kulipwa ndani ya mwaka huohuo. Tuseme kampuni ina dola 10 000 banki, wateja wake wanadaiwa 40 000, na kahawa ya depo ina thamani ya 70 000. Jumla ni 120 000. Madeni ya mwaka ni 100 000. Ukigawa, unapata 1,2. Ikiwa juu ya 1, watu wanasema kampuni inaweza kulipa.

Lakini angalia ndani ya ile 120 000. Sehemu kubwa ni kahawa ambayo haijauzwa bado, na mara mingi banki imeishika kama rehani. Ondoa kahawa, inabaki 50 000 mbele ya deni la 100 000, ni kusema 0,5. Kwa kila dola mbili anazodaiwa, anaweza kupata moja tu bila kungojea kuuza kahawa. Tena hesabu hii haijui kalenda: mteja wake anaweza kumlipa nyuma ya siku 90, na sisi alituahidi 30.

Hesabu ya pili inauliza kama kazi yenyewe inazaa makuta ya kulipa riba ya banki. Chukua faida ya mwaka kabla ya kutoa riba na kodi, uigawe kwa riba ya mwaka. Kampuni yetu ya mfano ilipata 18 000, na riba ni 12 000. Jibu ni 1,5. Inaonekana si mbaya.

Sasa bei ya kahawa ianguke kwa asilimia 10 tu. Kahawa ya depo, iliyonunuliwa kwa bei ya zamani, inapoteza 7 000. Hesabu ya kwanza inashuka kutoka 1,2 mpaka 1,13, karibu haionekani. Lakini faida inabaki 11 000, na riba ni ileile 12 000. Imeshuka chini ya 1: kazi haitoshi tena kulipa hata riba. Hapo mnunuzi anaanza kulipa banki kwa makuta yaliyopaswa kuwa ya wakulima. Ndiyo sababu mtu asiangalie hesabu moja peke yake.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa kampuni kubwa kuliko yoyote inayonunua kwetu. Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kiliwahi kuongoza nchi yake kwa kutengeneza sukari. Kilikuwa na mashine, majengo na mashamba. Lakini kilipata hasara mwaka kwa mwaka, na madeni ya karibu yakapita mali ya karibu. Wakulima waliopeleka miwa walikaa bila malipo. Septemba 2019 banki ya KCB iliweka msimamizi wake juu ya kiwanda ili kurudisha mkopo wake. Banki ina rehani mkononi. Mkulima ana karatasi ya mizani tu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kama bila kahawa ya depo hesabu ya kwanza haifiki 1, na ya pili haifiki 2, tusitoe kahawa yote kwa deni. Tudai nusu mkononi kwenye mizani, na lori la pili lisiondoke mpaka la kwanza lilipwe. Tuulize pia bilani ni ya tarehe gani. Ile ya tarehe 31 Desemba haionyeshi mkopo aliochukua mwezi wa tatu, basi tumuulize ni mikopo gani amechukua tangu siku ile.

Na mnunuzi akikataa kuonyesha karatasi? Ni haki yake. Nasi ni haki yetu kumuuzia kwa makuta mkononi tu.