Jabia Yetu na Video ya Mchango

Kwa wazee wangu, ndugu zangu na mama zangu wa kamati ya jabia, kisiwani Pate.

Video mliyotuletea tumeitazama jamaa wote tuliopo hapa Oslo, na kwa kuwa mmetaka tuieneze kwa watu wa Ulaya na wa Ghuba ili zipatikane fedha za kuitengeneza jabia, nimeona ni haki yenu kuelezwa kwa utuo kwa nini tumeizuia kwanza, na ni video ya namna gani tungependa ipigwe badala yake.

Mtoto aliyelazwa kifudifudi akinywa maji ya dimbwi, kinanda cha huzuni kikilia nyuma ya picha yake, na maneno ya mwisho kwamba watu wa kijiji wanakufa kwa kiu: hayo si hali ya kwetu, na kila aliyezaliwa hapo aliyajua hivyo kabla video haijafika nusu. Hata wageni wa huku wameanza kuchoshwa na picha za namna hiyo, kwani mwaka 2012 shirika la wanafunzi wa Norwe liitwalo SAIH lilitoa video ya mzaha ambayo ndani yake Waafrika wanahimizwa wachange vipasha joto, wawaokoe Wanorwe maskini wanaotetemeka kwa baridi. Na watu walicheka, kisha wakatahayari. Lakini sikuwazuilia kwa hofu ya kuchekwa. Nimewazuilia kwa sababu mwenye kusema kwamba watu wanakufa kwa kiu hujifunga ahadi ya kuwaokoa na mauti, na hakuna daftari la hesabu litakaloweza kuonyesha, kazi ikiisha, kwamba ahadi hiyo imetimia. Kwa hiyo nasihi yangu ni kuwa tuiandike ripoti kabla ya video, mahali pa tarakimu tukiacha wazi, kisha video iseme yale tu ambayo ripoti ina nafasi ya kuyajibu.

Taabu yetu, kwa kweli, ni kwamba sakafu ya jabia imepasuka na tangi lake linavuja, na jambo hilo laweza kuonekana kwa macho bila ya kumlaza mtoto wa mtu chini. Chagueni usiku usio na mvua, mfunge mlango wa tangi baada ya magharibi ili mtu asiteke, mchore mstari wa mkaa ukutani pale pale uso wa maji ulipofika, na mpige picha. Alfajiri, kabla ya dumu la kwanza kuingia, mpige tena kutoka mahali pale pale. Tangi limefunikwa, kwa hiyo kinachopotea kwa jua na upepo ni kidogo mno, na kilichopungua kimenywewa na ardhi. Tuseme chini ya tangi pana urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, na maji yameshuka sentimita 2: hizo ni lita 800, yaani madumu 40 ya lita ishirini ishirini yaliyopotea watu wamelala. Picha mbili hizo na sauti ya mama mmoja akihesabu madumu hayo ni mwanzo wa kutosha, na baada ya kazi kwisha mstari ule ule utachorwa tena, na kila aliyechanga ataona kama tumeziba au hatukuziba.

Ahadi nayo ipimwe vivyo hivyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi sakafu ya kukingia ikiwa na mita za mraba 300, mvua ya milimita 100 italeta lita 30,000, na tukitoa sehemu ya tano kwa yale yarukayo, yakaukayo na ya mwanzo tunayoyamwaga kwa uchafu, zitabaki lita 24,000, ambazo ni madumu 1,200. Nyumba 40 zikitumia madumu matatu kila moja kwa siku, hayo ni maji ya siku kumi. Kwa hiyo video isithubutu kusema kwamba tatizo la maji litakwisha. Iseme kwamba kila milimita 100 za mvua ya masika zitatupa siku kumi za kutonunua maji, na kwamba kiangazi kikiwa kirefu tutanunua tena. Najua kuna watakaoona kwamba maneno hayo ni madogo. Mimi naona ni makubwa kwa sababu yanaweza kusimama.

Mama atakayesema aseme kwa Kipate chake, maandishi ya tafsiri yapite chini, na asifundishwe la kunena. Kabla ya kupigwa aambiwe bayana kwamba picha ikishatoka haitarudi, na kwamba hata wakwe zake walioko Maskati wataiona; kisha aonyeshwe video iliyokamilika, na akikataa, iondolewe sehemu yake bila ya kinyongo. Nyuso za watoto tusizionyeshe ila kwa idhini ya wazazi wao, jambo ambalo Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inalitaka. Simu ilazwe, na msemaji akae nyuma ya ukuta penye sitara ya upepo, kwani katika ile ya kwanza kusi imemeza nusu ya maneno ya mzee wetu, nayo ndiyo nusu yenye faida. Dakika mbili zatosha.

Sasa niseme juu ya fedha, ambazo ndizo zilizonikalisha kuandika. GoFundMe haipeleki fedha moja kwa moja katika akaunti ya Kenya, basi michango itaingia kwanza katika akaunti ya mmoja wetu huku, kisha ihamishwe. Nalo hilo litamkwe ndani ya video, pamoja na majina ya watu watatu wa kwenu ambao wawili kati yao ndio watakaotia saini kila fedha itokapo. Tuseme tunataka shilingi 400,000 zifike mikononi mwenu: vifaa 210,000, nauli ya chombo na upagazi 60,000, ujira wa fundi 90,000, na akiba 40,000. Aghalabu watu huficha nauli ndani ya bei ya simenti, wakidhani wachangaji hawapendi kulipia jahazi, na hapo ndipo shaka huzaliwa, kwa kuwa mtu yeyote aweza kuuliza bei ya mfuko mmoja Lamu mjini na kukuta tofauti. Itajeni nauli kwa jina lake, mkieleza kwamba chombo kilichojaa mzigo hungoja maji yajae ndipo kipite Mkanda. Na msaragambo wa vijana uandikwe kwa siku za kazi, usigeuzwe shilingi na kutiwa katika jumla.

Ripoti iwe na safu nne: zilizochangwa, zilizofika, zilizotumika, zilizobaki. Zikichangwa thamani ya 420,000 na makato ya mtandao na ya kubadili fedha yakala 20,000, andikeni hivyo. Vifaa vikipanda hadi 228,000, na nauli ikashuka hadi 55,000, na fundi akabaki kwenye 90,000 yake, zimetumika 373,000, na akiba imebaki 27,000 badala ya 40,000. Na sababu ya simenti kupanda ielezwe kwa mstari mmoja. Duka litatoa risiti, lakini pagazi na nahodha hawana risiti, kwa hiyo waandikiwe hati ya malipo, watie saini au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, na mnapoipiga picha hati hiyo mfunike nambari za simu na za kitambulisho. Mwezi ambao hakuna kilichotumika nao uwe na ripoti yake, hata ikiwa ni neno moja kwamba simenti ingali inangoja chombo, kwa kuwa kimya cha mwezi mmoja humfanya mchangaji ajaze mwenyewe yale asiyoyajua. Zikizidi fedha, zitanunua pampu ya mkono. Zikipungua, tutaanza na tangi na kuiacha sakafu. Nayo yote mawili yasemwe katika video, wala yasingoje kuamuliwa fedha zikiwa mezani.

Kabla ya yote hayo nahitaji vitu viwili kutoka kwenu: vipimo halisi vya tangi na vya sakafu, vilivyochukuliwa kwa utepe, kwani vya kwangu ni vya kukisia, na jina la mtu wa tatu wa kutia saini, ambaye ningependa awe miongoni mwa mama wanaoteka, si miongoni mwetu wenye kuandika barua.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Oslo