Usimchezee mteja kamari, andika mbegu ya picha

Sisi vijana tunaotengeneza mabango kwa akili unde tuna tabia moja mbaya. Tunabonyeza Generate hadi kidole kiume, tukiomba picha kali itokee. Ikitokea, mteja anatumiwa chapchap. Halafu anajibu: "Hii iko poa, nionyeshe zingine tatu za kufanana nayo." Hapo ndipo msee anakwama, kwa sababu akibonyeza tena, inakuja picha tofauti kabisa. Kwangu mimi hiyo ni kamari, na mteja hafai kuilipia.

Stable Diffusion huanza na chenga, kama zile za runinga isiyoshika stesheni, kisha huzisafisha hatua kwa hatua hadi picha itokee. Mbegu ni nambari inayoamua chenga zipi zianze. Kwenye programu ya AUTOMATIC1111, kisanduku cha Seed kikiwa na -1, kila picha hupata mbegu mpya.

Tuseme unamtengenezea kinyozi bango, na picha iliyompendeza ina mbegu 41507. Iandike kwenye Seed, kisha uweke alama kwenye Extra. Acha Variation seed iwe -1, sogeza Variation strength hadi 0.1, na Batch count iwe 6. Utapata picha sita za ndugu: kiti kipo palepale, lakini mikunjo ya nguo na vitu vya nyuma vimebadilika kidogo. Zikifanana mno, panda hadi 0.2. Kiti kikianza kuhama, umepita kiasi, rudi chini. Ukifika 1, mbegu ya kwanza haina usemi tena.

Mteja akichagua moja, hifadhi mistari yake yote pamoja na maelezo uliyoandika:

```
Steps: 25, Sampler: Euler, CFG scale: 7,
Seed: 41507, Size: 512x768,
Variation seed: 902, Variation seed strength: 0.1
```

Weka pia jina la modeli. Mbegu pekee haitoshi. Badilisha ukubwa wa picha tu, chenga zinabadilika, na kinyozi wako anapata sura mpya. Mistari hiyo hukaa ndani ya faili la PNG, na unaweza kuisoma kwenye PNG Info. Lakini picha ikipitia WhatsApp kama picha ya kawaida, hufutika. Kwa hivyo usiifute ile ya kwanza kwenye kompyuta.

Kuna watakaosema mbinu hii haitii amri. Ni kweli. Mteja akitaka kofia pekee ibadilike, variation haitakusaidia, tumia Inpaint. Kazi ya mbinu hii ni kumpa mteja machaguo bila kupoteza alichokipenda. Akirudi mwezi ujao akitaka picha ileile, utampa nini kama hukuandika nambari?