Nani Ameshika Kitufe cha Rekodi?

Kuna uongo tunaopenda kuambiana kuhusu Spesi za X: kwamba tukishaingia humo sote tuko sawa, kila mtu na sauti yake. Hapana. Spesi ina ngazi kama matatu. Kuna mwenye gari, kuna makanga, kuna waliobahatika kuketi mbele na dereva, na kuna sisi wengine tumejazana nyuma. Na mwenye gari ndiye peke yake anayeamua kama safari hii itakumbukwa au tutashuka na kila mtu ajijue.

Wacha tuanze na hizo ngazi, maana wengi wanazitumia kila usiku bila kuziangalia. Juu kabisa yuko mwenyeji. Ndiye anayefungua chumba na ndiye anayekifunga. Chini yake kuna wenyeji wenza, wawili tu, wanaoweza kupandisha watu na kuwatoa. Halafu wasemaji. Ukijumlisha mwenyeji, wenza wake na wasemaji, watu wanaoweza kuwa na maiki kwa wakati mmoja ni 13. Waliobaki wote, wawe 50 au 50,000, ni wasikilizaji. Unabonyeza kuomba nafasi, unangoja, na usipopewa unabaki kutuma vikaragosi vya makofi.

Sina shida na mpangilio huo. Watu 3,000 hawawezi kuongea pamoja, hata kwenye matanga ya kwetu kuna MC. Shida yangu ni kitufe kimoja ambacho mwenyeji hukutana nacho kabla hajafungua chumba: `Record Space`. Akikiwasha, juu ya skrini panatokea alama ya `REC`, na chumba kikifungwa rekodi inabaki kwenye akaunti yake ili yeyote aisikilize. Asipokiwasha, hakuna kinachobaki hadharani. Na hata akikiwasha, bado anaweza kuifuta rekodi kesho, keshokutwa au baada ya mwaka. Msemaji hana kitufe cha namna hiyo. Sauti ni yako, jina ni lako, uso wako uko hapo kwenye kaduara, lakini uamuzi wa kuihifadhi au kuizika ni wa mtu mwingine.

Unaweza kusema, "Si chumba ni chake?" Ngoja nikuambie kilichotokea kwenye chumba kimoja.

Tulikuwa waandishi 14 tunaodai mtu pesa. Huyu mtu alikuwa anachukua kazi za makala kutoka kwa wateja wa nje, anatugawia, analipa senti 50 kwa neno. Mimi nilikuwa nimemwandikia maneno 38,000, kwa hivyo nilikuwa namdai 19,000. Kwa wengine hiyo ni pesa ya wikendi. Kwangu ilikuwa rent ya miezi miwili na stima. Simu zetu hakushika kwa wiki sita. Basi jamaa mmoja mwenye wafuasi wengi kidogo akajitolea kufungua Spesi Jumanne saa tatu usiku, akawasha rekodi, akatupandisha mmoja mmoja tukasema tunadai ngapi na tangu lini.

Saa nne na kitu, mdaiwa mwenyewe akaingia. Akapewa maiki. Akaongea kwa upole, kusema kweli. Akasema amesikia, akasema nusu ya deni italipwa Ijumaa na nusu nyingine mwisho wa mwezi. Mwenyeji akamwuliza mara mbili: "Nusu ya deni la kila mtu?" Akajibu mara mbili: "Ya kila mtu." Kulikuwa na wasikilizaji zaidi ya 200 na ile `REC` ilikuwa inawaka muda wote. Tulilala tukijua tumeshinda.

Asubuhi rekodi haikuwepo. Mwenyeji alikuwa amepigiwa simu, akaombwa kwa heshima aitoe "ili tusiharibu mazungumzo," naye akaitoa. Ijumaa hakuna aliyelipwa hata bob. Tulipomkumbusha, mdaiwa alisema hakuahidi tarehe yoyote, alisema tu atajaribu. Wale wasikilizaji 200 walikuwa wapi? Kila mmoja alikuwa na toleo lake. Mmoja alisikia nusu, mwingine alisikia robo, mwingine alikuwa anapika.

Lakini kuna kitu kilibaki. Msikilizaji mmoja alikuwa amerekodi skrini ya simu yake, akakata kipande kisichofika dakika moja na kukirusha WhatsApp. Kipande hicho hakina ahadi. Kina sauti ya mwenzetu mmoja, msichana anayedai zaidi yetu sote, akiwa ameshikwa na hasira na kumtukana mdaiwa. Dakika mbili kabla ya hapo alikuwa ameeleza, polepole, jinsi alivyofungiwa nyumba. Hiyo sehemu haikusikika tena popote. Mteja wake mwingine aliletewa kile kipande na akamwacha. Kwa hivyo baada ya kikao cha saa mbili, ushahidi pekee uliobaki mjini ulikuwa kwamba wadai wana matusi.

Hapo ndipo penye ubishi wangu na wale wanaosema kutohifadhi rekodi kunalinda watu. Rekodi nzima ikifutwa, sauti hazipotei zote. Zinabaki zile ambazo mtu fulani aliona zitamfaa. Yeyote mwenye simu ya pili, au hata simu moja yenye programu ya kurekodi skrini, anaweza kukuchukua bila alama yoyote kuwaka. Alama ya `REC` inakuambia tu kama mwenyeji anarekodi kupitia X. Haikuambii lolote kuhusu huyo mse wa nyuma asiye na picha.

Na X yenyewe pia inabaki na nakala. Kwa masharti yake, sauti ya kila Spesi, iliyorekodiwa au isiyorekodiwa, huhifadhiwa kwa siku 30 baada ya kufungwa ili kukagua malalamiko, na zaidi ya hapo iwapo kosa litapatikana. Katika muda huo mwenyeji anaweza kuomba nakala ya data yake kwenye mipangilio, pale palipoandikwa `Download an archive of your data`. Tulimwelekeza mwenyeji wetu hadi hapo. Akasema ataangalia. Siku ya 31 ilifika bado anaangalia.

Kwa hivyo usinidanganye kwamba chumba kisichorekodiwa ni siri. Ni chumba ambacho kampuni ina nakala, mjanja ana nakala, na wewe uliyeongea ndiye pekee huna.

Najua pingamizi lenye uzito kuliko yote, na silidharau. Nchi hii, baada ya maandamano ya Juni 2024, watu walichukuliwa na magari yasiyojulikana kwa sababu ya walichosema na walichoandika. Kufikia Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu waliotekwa tangu Juni. Mtu akiniambia anaogopa kuacha sauti yake kwenye rekodi, siwezi kumwita mwoga. Lakini anayekuwinda hangoji rekodi ya kesho. Anaingia chumbani leo kama msikilizaji, ananyamaza, anarekodi. Kama unachosema kinaweza kukufanya utekwe, usikiseme kwenye Spesi ya wazi kabisa, irekodiwe isirekodiwe. Kuzima kitufe na kuambia watu wako salama ni kuwatega.

Vyumba vingine havifai kuwekwa, na hapa wenyeji hukosea upande wa pili. Nimesikia watu wakipandishwa saa sita usiku kuongea kuhusu kuharibika kwa mimba, kubakwa, kujaribu kujiua, na rekodi inawashwa kwa sababu mwenyeji anataka namba. Yule aliyeongea alikuwa anaongea na watu waliokuwa macho pamoja naye usiku ule. Hakukubali kusikilizwa na bosi wake miezi mitano baadaye akiwa kwenye foleni ya Thika Road. Chumba cha majonzi, zima.

Kipimo changu ni hiki: uliza nani anafaidika ikifutwa. Ikiwa ni mtu aliyefungua kidonda chake, futa. Ikiwa ni mtu aliyetoa ahadi, anayeshika pesa za watu, anayetafuta kura au anayeongoza nchi, rekodi ibaki, hata akipiga simu mara kumi.

Kumbuka 5 Julai 2024. Rais William Ruto aliingia kwenye Spesi na kujibu maswali ya vijana, siku chache tu baada ya kukataa kutia saini Mswada wa Fedha. Mbunge akikohoa bungeni kuna Hansard, kuna mtu analipwa na kodi yetu kuandika alichosema. Siku ile kiongozi wa nchi alihojiwa na raia, kwenye chumba ambacho kwa kanuni za X rekodi yake iko mikononi mwa mwenye akaunti. Akaunti ikifungwa, ikidukuliwa au mwenyewe akichoka, basi. Kizazi kilichojivunia kutokuwa na kiongozi kinaacha kumbukumbu yake itegemee kidole cha mtu mmoja.

Ninachodai kutoka kwa wenyeji hakihitaji kampuni ibadilishe chochote. Kwanza, mwenyeji atamke kwa mdomo kama anarekodi na rekodi itakaa hadi lini, na arudie kila nusu saa, kwa sababu watu huingia katikati na hawasomi alama ndogo juu ya skrini. Pili, kabla ya kumpa mtu maiki, amwulize kama anakubali. Sekunde tano. Anayekataa aandike ujumbe, mwenyeji amsomee bila jina. Tatu, kwenye chumba chochote cha madai, nakala ikae na watu wawili zaidi, mmoja kutoka kila upande, usiku huohuo. Na nne, rekodi ikifutwa, mwenyeji aseme hadharani ni nani aliyeomba ifutwe.

Hilo la nne ndilo wenyeji hunipinga nalo sana. Wanasema nawageuza kuwa mahakama. Lakini tayari mnahukumu. Kila mnapofuta mnaamua ni neno la nani litakumbukwa, na mnaamua mkiwa mmepigiwa simu na upande mmoja tu.

Mpaka hayo yafanyike, msemaji ajipange mwenyewe. Ukipanda kudai haki yako, mwombe rafiki arekodi mwanzo hadi mwisho na ulitangaze hilo ukiwa na maiki. Mtu akikuahidi kitu, iandike ahadi yake neno kwa neno chini ya kiungo cha Spesi, mtaje, na mwambie aithibitishe kwa maandishi kabla chumba hakijafungwa. Akikataa kuandika alichokubali kusema, mtakuwa mmejua saa nne ya usiku kile sisi 14 tulichojua Ijumaa.