Mnaonicheka kwa kuongea na bata, someni hapa

Juzi usiku rumu nzima ilinicheka eti naongea na bata wa plastiki. Leo najibu.

Bata sikumbuni mimi. Andrew Hunt na David Thomas walimtaja kwenye kitabu chao The Pragmatic Programmer, mwaka 1999. Unamweka mezani, unamweleza programu yako mstari kwa mstari, kwa sauti. Basi. Sasa nyie mnaojisifia kukesha, oneni kilichonikuta. Nilikuwa natafuta wastani wa jaribio nililotoa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nafupisha, wanafunzi wanne tu:

```python
alama = [62, 48, 75, 55]
jumla = 0
for i in range(1, len(alama)):
    jumla = jumla + alama[i]
print(jumla / len(alama))
```

Jibu: 44.5. Jamani, alama ya chini kabisa ni 48, wastani utashukaje chini ya hapo? Kosa lipo, ila kompyuta hailalamiki. Nikapiga msuli masaa mawili, sikuona kitu. Macho yalikuwa yanasoma nilichokusudia kuandika, siyo nilichoandika.

Nikaacha, nikaenda kunywa chai, kama dakika 20 hivi. Niliporudi nikamweka bata mezani. Na hapa ndipo wengi mnachemsha: mnamwambia "hapa najumlisha alama zote", halafu mnasema bata hana maana. Hayo ni makusudio yako! Msomee kilichoandikwa, na utaje namba zenyewe. "Bata, `i` inaanza na 1. `alama[1]` ni 48, jumla 48. Inafuata 75, jumla 123. Inafuata 55, jumla 178. Nagawa kwa 4..."

Nikanyamaza. 62 iko wapi? Python inahesabu kuanzia 0, mimi nimeanza na 1. Mwanafunzi wa kwanza nimemruka kwenye kujumlisha, kwenye kugawa nikamhesabu! Nikaandika `range(len(alama))`, likatoka 60.0. Ningepeleka ile 44.5 kwa mwalimu wa somo, watoto wa watu wangeonekana wamefeli.

Sisemi bata anajua kila kitu. Kama ningekuwa naamini kweli kwamba orodha inaanza na 1, ningemsomea uongo naye angenitazama tu. Ukifika hapo, weka `print(i, alama[i])` ndani ya kitanzi, ulinganishe kinachotoka na ulichomwambia bata. Zikitofautiana, hapo ndipo pa kuchimba.

Sisi wa ualimu tulitakiwa tuwe wa kwanza kuelewa hili. Mada unadhani unaijua mpaka usimame ubaoni uifundishe. Bata ndiye mwanafunzi wangu asiyeitikia "ndiyo mwalimu" ili kipindi kiishe.

Endeleeni kukesha. Mimi nalala saa sita.

Naomba kuwakilisha.