Unamfuta Kwenye Picha, Lakini Umeshamtuma



Chukulia mfano huu. Dada amepiga selfi kwenye harusi, upande wa akina mama. Picha imetoka poa, ila nyuma yuko binamu yake, hana mtandio. Anataka kuiposti, na kwa nia njema anatafuta tovuti ya bure ya kufuta vitu kwenye picha. Anapandisha picha, anampaka binamu rangi kwa kidole, na sekunde chache baadaye binamu hayupo.

Hayupo kwenye skrini ya dada tu. Tovuti nyingi za aina hii hupokea picha nzima kwanza ndipo zifute kitu, na kwa tovuti kama hiyo picha ya asili, binamu akiwa bila mtandio, iko kwenye seva ya mtu tusiyemjua. Tena ile rangi imeionyesha seva hasa ni nani alitakiwa afichwe. Na kama kamera iliwashwa eneo, ndani ya faili mna tarehe, saa na mahali nyumba ilipo.

Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kudai data yako ifutwe. Lakini utamdai nani, ikiwa tovuti haisemi mwenyewe ni nani wala yuko nchi gani? Na binamu hata hajui kuna cha kudai. Stara yake ilikuwa amana mikononi mwa mwenye simu.

Kazi hii inafanyika kwenye simu yenyewe. Washa Airplane mode na uzime Wi-Fi. Fungua picha ndani ya Snapseed, gusa Tools, kisha Healing. Vuta picha iwe kubwa, halafu paka kidogo kidogo badala ya kumfunika mtu wote mara moja. Programu ikikataa kufanya kazi bila mtandao, huenda picha ilikuwa inaenda kwenye seva, achana nayo. Kwenye kompyuta, GIMP ni ya bure na ina zana za Heal na Clone.

Tusidanganyane, Healing ina mipaka. Ukuta mtupu au anga hutoka safi, lakini mtu akiwa mbele ya pazia la maua, au bega lake limegusana na lako, utaona madoa na maua yaliyojirudia. Hapo kata picha, au mfunike kwa rangi nzito isiyopenya. Ukungu mwepesi hautoshi, maana anayemjua atamtambua kwa umbo na nguo.

Na kama hata hivyo bado anaonekana, picha hiyo isipostiwe. Selfi nyingine itapigwa. Picha iliyofika kwa seva ya mtu hairudi.